Logi inasema imetumwa, mama mhasibu anasema haijafika

Jumatatu moja ya Julai, baridi ya Mbeya ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, haijafika hata saa mbili asubuhi simu inaita. Mama mhasibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka kama mtu ambaye salamu sio kilichomleta, halafu akasema, "Mwanangu, ile ripoti ya parachichi mbona mimi sijaiona tangu Jumatano?" Nikafungua logi ya seva. Jumatano imetumwa, Alhamisi imetumwa, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, zote zimetumwa. Nikamwambia mama zimetumwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi zimetumwa kwa nani?"

Lile swali nimekaa nalo karibu wiki nzima.

Ngoja niwape picha. Kampuni ninayofanyia kazi inanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, tuna vituo vya kupokelea mzigo Kiwira, Katumba na Tukuyu mjini, kila mzigo ukipimwa kilo zinaingizwa kwenye mfumo na noti ya mzigo inapigwa picha, usiku skripti yangu inajumlisha kila kitu, na asubuhi ripoti inaondoka yenyewe kwenda kwa watu sita. Mama mhasibu, maneja, mzee mwenyewe, mtu wa ghala, afisa wa benki inayotukopesha hela ya kununulia mzigo, na mnunuzi wetu mkubwa wa Dar. Mimi ndo niliyeiandika hiyo skripti, kwa hiyo hakuna wa kumrushia.

Jambo la kwanza nililokuwa silielewi vizuri, na nimekuwa kwenye hizi kazi miaka, ni hilo neno "imetumwa". Skripti yangu ilikuwa inaandika "imetumwa" ikishapata jibu kama hili kutoka seva ya upande wa pili:

```
250 2.0.0 Ok: queued as 4F1C22A0B7
```

Hilo jibu maana yake ni nimeupokea, basi. Ni kama umeenda stendi ya Nane Nane ukampa konda kifurushi cha kwenda Dar, konda akakipokea na kukuandikia karatasi. Karatasi haisemi shangazi yako kakipata, inasema konda kakichukua. Baada ya hapo seva ya upande wa pili inaweza kuiweka barua kwenye inboksi, inaweza kuitupa spamu, au ikajaribu kuisogeza mbele ikashindwa ndo ikarudisha taarifa ya kushindwa. Na inairudisha wapi? Kwa aliyetuma. Kwangu mtumaji alikuwa anaitwa `ripoti@mfano.co.tz` (jina la domeini nimelibadilisha humu), boksi ambalo nililitengeneza mwenyewe, nikaweka pasiwedi, na sijawahi kulifungua tena.

Nikalifungua siku hiyo. Barua 212 hazijasomwa, nyingi kichwa chake `Undelivered Mail Returned to Sender`. Yaani majibu yote ya maswali yangu yalikuwa yamekaa pale yananisubiri, wengine wangeita uzembe na sina la kuwabishia. Nikachemsha chai nyingine nikaanza kusoma moja moja, na kumbe ugonjwa haukuwa mmoja, ilikuwa mitatu imevaa koti moja.

Nianze na ya mama mhasibu. Yeye anatumia Gmail. Nikamwomba aingie kwenye spamu, akasema hajui iko wapi, nikashuka kwake ghorofa ya chini nikamfungulia, na zilikuwepo: tano, zimepangana vizuri na ile bango juu yake ya kuonya. Sasa watu wengi hapa wanaanza kubadilisha kichwa cha habari, wanatoa neno "HARAKA", wanapunguza alama za mshangao. Na mimi nilikuwa na alama za mshangao, nimezitoa, ila siamini kabisa kwamba hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kabla hujagusa maneno fungua ile barua kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua `Show original`, halafu tafuta mstari unaoanza na `Authentication-Results`. Wa kwetu ulikuwa hivi:

```
Authentication-Results: mx.google.com;
  spf=softfail (google.com: domain of transitioning
  ripoti@mfano.co.tz does not designate 203.0.113.25
  as permitted sender)
```

Soma taratibu. Gmail anasema hii barua inadai imetoka mfano.co.tz, lakini mfano.co.tz hawajaitaja hii seva ya 203.0.113.25 kuwa yao. SPF ndo hiyo tu: mstari wa maandishi unaoweka kwenye DNS, daftari la wazi la domeini yako, kutangaza kwamba barua zetu zinatoka kwenye seva hizi na hizi. Sasa sisi mwezi Mei tulihamisha mfumo kutoka kule tulikokuwa tumekodi mwanzo kwenda kwenye seva mpya yenye nguvu zaidi, kila kitu tukahamisha, hongera zikatolewa, na hakuna aliyekumbuka ule mstari. Kwa hiyo miezi miwili seva mpya ilikuwa inajitambulisha kwa jina ambalo kwenye orodha halipo. Na angalia kitu kingine, hapo hakuna neno `dkim` kabisa. Maana yake barua haikuwa na sahihi yoyote.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza. Kila anayetuma kwao awe walau na SPF au DKIM inayopita, na kwa Google anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na zote mbili pamoja na DMARC, tangazo la kumwambia anayepokea azifanyeje barua zisizothibitika. Sisi tunatuma sita, kwa hiyo tulikuwa tunatakiwa walau moja, na hatukuwa nayo. Ndo maana kwenye logi, upande wa makosa, nilikuta pia barua za kwenda kwa afisa wa benki, naye anatumia Gmail, ambazo hata spamu hazikufika, zilikataliwa mlangoni kwa namba `550-5.7.26`, ikieleza kwamba mtumaji hajathibitishwa. Barua ile ile, seva ile ile, kwa mmoja inatupwa spamu na kwa mwingine inafukuzwa. Usitegemee zote zitafanyiwa sawa.

Basi nikaingia kwenye DNS nikaongeza mstari wa SPF wenye ile seva mpya. Nikatest. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo! Badala ya `softfail` sasa ikawa `permerror`. Nilikuna kichwa kama nusu saa mpaka nikaandika hii:

```
dig +short TXT mfano.co.tz
```

Ikaleta mistari miwili inayoanza na `v=spf1`. Ule wa zamani wa mwenye hosting, na wangu mpya. Domeini inaruhusiwa mstari mmoja tu wa SPF, ukiweka miwili anayekagua hachagui, anasema huyu kachanganyikiwa na anaifuta yote. Unatakiwa uunganishe, seva zako zote ndani ya mstari mmoja:

```
v=spf1 ip4:203.0.113.25 include:spf.hosting.example ~all
```

Ikapita. Mama mhasibu kesho yake akapata, nilimwomba zile za spamu azibonyeze `Report not spam`, na baada ya siku mbili tatu zikawa zinakuja zenyewe inboksi. Nikajisikia fundi.

Ila mzee bado. Mzee hasomi boksi la kampuni, zamani alimwomba mtu amwekee barua zake zote za kampuni zijirushe kwenda Gmail yake binafsi, na za ripoti zilikuwa zinaishia spamu vile vile. Hapa ndo nikajua SPF ina mpaka wake. Barua ikirushwa mbele, Gmail inaiona ikitoka kwa yule aliyeirusha na sio kwenye seva yangu, kwa hiyo ile orodha haimsaidii tena. Kinachosafiri na barua popote inapoenda ni DKIM, ambayo ni sahihi inayowekwa ndani ya barua yenyewe: seva inatia sahihi kwa ufunguo wa siri, ufunguo wa wazi umekaa kwenye DNS, anayepokea analinganisha. Hata barua ikipita mikono mitatu, mradi hakuna aliyegusa maandishi, sahihi inasoma.

Ningeweza kufunga mtambo wa kutia sahihi kwenye seva mpya. Nikaona hapana, tayari tuna seva ya barua ya kampuni ambayo inatia DKIM kwenye barua zetu za kila siku na inajulikana kote, kwa nini skripti iende kugonga milango ya watu yenyewe? Ikabidhi barua nyumbani kwanza. Nikaweka Postfix, programu ya kusafirisha barua, kwenye seva ya ripoti, nikaiambia kila barua ipitie kule:

```
relayhost = [mail.mfano.co.tz]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt
```

Faida ya pili ya hii sikuitegemea. Kuna seva zinazompokea mgeni kwa kumwambia rudi baadaye, zinatoa jibu la `451` ambalo sio kukataa, ni kusema jaribu tena baada ya muda. Skripti yangu ya zamani ilikuwa haijui kusubiri, ikipata 451 inaandika kosa na kufa, na ripoti ya siku hiyo ndo imeenda na maji. Postfix inaiweka barua kwenye foleni na kurudia rudia, kwa mipangilio yake ya kawaida mpaka siku 5 kabla ya kukata tamaa, na ukiandika `mailq` unaona nani amekwama na kwa nini. Hata intaneti ikikatika asubuhi, ikirudi saa tatu barua zinaondoka zenyewe. Baada ya hapo kichwa cha barua ya mzee kikawa kinasoma `dkim=pass`, nikaongeza na DMARC ya `p=none` yenye anwani ya `rua` ili nianze kuletewa taarifa za nani anatuma kwa jina letu, na ugonjwa wa kwanza ukaisha.

Wa pili ulikuwa wa mnunuzi wa Dar, na huu ulinichekesha kwa uchungu. Yeye alikuwa anasema ripoti "zinakuja zikijisikia". Nikakaa na marejesho yake, nikayapanga kwa tarehe pembeni ya kilo za siku hiyo, na ikaonekana wazi kabisa: siku mzigo ni mdogo ripoti inafika, siku mzigo ni mkubwa hairuki. Yaani siku ile ambayo ndo anaihitaji kuliko zote, ili apange makontena, ndo haipati. Jibu la seva yake lilikuwa:

```
552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit
```

Ripoti yetu ilikuwa na faili la Eksel dogo tu, kama KB 38, na PDF yenye picha za noti zote za siku. Siku moja tulikuwa na noti 26, kila picha kama KB 300, PDF ikatoka MB 7.8. Na seva ya mnunuzi, nikapiga simu kwa kijana wao wa mitambo akaniambia kwa upole, "Kaka, sisi mwisho wetu MB 10." Sasa 7.8 si ndogo kuliko 10? Hapo ndo wengi tunapoteleza. Imeili kiasili inabeba herufi, haibebi faili. Faili lolote linageuzwa kwanza kuwa herufi kwa utaratibu wa base64, ambapo kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Tupige hesabu: baiti 7,800,000 zinakuwa herufi 10,400,000. Halafu hizo herufi zinakatwa mistari ya herufi 76, hiyo ni mistari karibu 136,842, na kila mwisho wa mstari una alama mbili zisizoonekana, kwa hiyo ongeza 273,684. Jumla 10,673,684. Na ile "MB 10" yao ilikuwa baiti 10,240,000 kamili, ambayo ndo kiwango Postfix inakuja nacho kama hujakigusa. Tumezidi. Ukitaka njia ya kichwani, zidisha faili lako kwa 1.37, hicho ndo kitakachosafiri. Kwa mlango wa namna hiyo faili kubwa unaloweza kupitisha ni kama MB 7.4, na hapo hujaandika hata salamu.

Nilianza na suluhisho la kivivu, kubana picha. Zikashuka mpaka kama KB 90, ikawa nafuu, lakini Agosti mzigo ungepanda na tungerudi pale pale, na pia nikawaza mtu wa ghala anayefungua hii kitu kwa simu, bando lake mwenyewe, kila asubuhi anavuta picha 26 za noti ambazo hazihitaji. Nani anaziangalia hizo picha kila siku? Nikauliza wote sita. Jibu: mama mhasibu peke yake, na yeye pia pale tu kilo zisipolingana. Basi nikazitoa. Muhtasari ukaingia kwenye mwili wa barua yenyewe, mistari mitano, kila kituo na kilo zake na asilimia iliyokataliwa, ili mzee asome bila kufungua kitu chochote. Eksel ya KB 38 ikabaki kiambatisho. Picha zikabaki kwenye seva, barua inabeba linki. Na ndani ya skripti nikaweka kizuizi, viambatisho vikizidi MB 5 kwa jumla visiambatishwe kabisa, iende linki tu, maana najijua, kuna siku nitasahau.

Sasa linki. Nilidhani hapo nimemaliza, kumbe ndo nimefungua mlango wa ugonjwa wa tatu, na huu ndo nilioupenda.

Wiki ya kwanza maneja alilalamika linki inafungua asubuhi, jioni haifungui. Hiyo nilicheka, niliijua bila kuangalia: nilikuwa nimeandika anwani ya seva ya ofisini, ile inayoanza na `192.168`. Hiyo anwani iko ndani ya kuta za ofisi yetu tu. Akiwa kwenye waifai ya ofisi inafungua, akifika nyumbani Uyole akatumia laini yake haiendi kokote. Mimi nilikuwa natest nikiwa ofisini, kwa hiyo kwangu kila siku ilikuwa safi. Sasa hivi linki yoyote naitest kwa simu, waifai nimezima. Nikaipa seva jina la nje lenye https na watu waingie kwa pasiwedi zao.

Halafu mama mhasibu akapiga. "Nikibonyeza inaniambia hakuna taarifa." Nikabonyeza kwangu kutoka kwenye logi, inafungua. Nikamwomba anitumie picha ya skrini. Linki niliyoiandika kwenye skripti ilikuwa hii:

```
https://ripoti.mfano.co.tz/siku?tarehe=2024-07-22
```

Na kwenye simu yake ilikuwa hii:

```
https://ripoti.mfano.co.tz/siku?tarehe 24-07-22
```

Angalieni vizuri. Alama ya sawasawa imepotea, na ile 20 ya mwaka imepotea, kuna nafasi tupu. Linki inaishia kwenye neno `tarehe`, ukurasa unafunguka bila tarehe, unasema hakuna taarifa. Nani kaila 20?

Nimekula saa mbili nzima kwenye hiyo. Nilishuku simu ya mama, nikashuku Gmail, nikakaribia kumshuku mama mwenyewe. Jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja ambao niliwahi kuunakili kutoka skripti ya zamani bila kujua unafanya nini: `Content-Transfer-Encoding: quoted-printable`. Huo mstari unamwambia anayepokea kwamba humu ndani alama ya `=` sio sawasawa ya kawaida, ni alama ya siri, ikifuatwa na tarakimu mbili za heksi, yaani 0 mpaka 9 au A mpaka F, basi igeuze kuwa herufi yenye namba hiyo. Na `=20` kwenye huo utaratibu ni nafasi tupu. Kwa hiyo `=2024` ikasomwa kama nafasi tupu ikifuatwa na 24. Barua ilisema imeandikwa kwa fumbo wakati skripti yangu haikuandika fumbo lolote, ilimwaga maandishi kama yalivyo. Ingeandikwa kwa haki, pale ingekuwa `tarehe=3D2024`, kwa sababu `=3D` ndo alama ya sawasawa yenyewe. Na mkiona siku moja linki imefika na `=3D` katikati, mjue ni ugonjwa huo huo kichwa chini: fumbo limeandikwa, hakuna aliyeambiwa alifumbue.

Dawa ni kuacha kuandika vichwa vya barua kwa mkono. Python ina maktaba yake, iachie kazi:

```python
from email.message import EmailMessage
from email.utils import formatdate, make_msgid

msg = EmailMessage()
msg["Date"] = formatdate(localtime=True)
msg["Message-ID"] = make_msgid(domain="mfano.co.tz")
msg.set_content(maandishi)
msg.add_alternative(html, subtype="html")
```

Yenyewe inachagua namna ya kufumba na inafumba kweli, na mistari mirefu inaikata inavyotakiwa, maana SMTP, utaratibu wa seva kupokezana barua, nayo haitaki mstari uzidi herufi 998, na HTML inayotoka kwenye skripti mara nyingi ni mstari mmoja mrefu kama barabara ya Makongolosi. Pamoja na hiyo nikabadilisha na linki yenyewe ikawa `/siku/2024-07-22`, bila alama ya kuuliza wala sawasawa. Linki fupi isiyo na vitu vya kuliwa.

Kuna moja ndogo ya mnunuzi wa Dar. Yeye hana pasiwedi ya kwetu kwa hiyo nilimtengenezea linki ya kubonyeza mara moja tu halafu inakufa, nikaona nimefanya usalama wa hali ya juu. Kila akibonyeza imeshakufa. Mtambo wa ulinzi wa kampuni yao unafungua kila linki kwanza kukagua kama ina virusi, kwa hiyo ile mara moja yake ilikuwa inatumika kabla hata barua haijamfikia. Sasa ya kwake inaishi siku 14, na inaonyesha ripoti ya siku hiyo moja, basi.

Kuhusu muda sisemi mengi maana ni aibu. Mzee alitaka ripoti saa kumi na mbili asubuhi. Kijana aliyekuwa ananisaidia kule mwanzo akaenda kwenye ratiba akaandika 12, si saa kumi na mbili? Na saa ya seva ilikuwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Kwa hiyo ripoti ya "saa kumi na mbili" ikawa inaingia saa tisa alasiri, watu wameshakula ugali, na kwa wiki mbili nilikuwa naambiwa ripoti inachelewa nami nalaumu mtandao. Siku hizi saa inaandikwa pamoja na mahali:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 06:00:00 Africa/Dar_es_Salaam
Persistent=true
```

Ile `Persistent=true` ni ya umeme. Kama mashine ilikuwa imezima saa kumi na mbili, ikiwaka tu inakumbuka ina deni na kulilipa.

Kilichobaki kilikuwa lile swali la mama, zimetumwa kwa nani. Nikafungua Gmail moja ya bure, nikaiongeza kwenye orodha kama mpokeaji wa saba. Saa kumi na mbili na nusu skripti nyingine, iliyokaa kwenye mashine tofauti, inaingia humo kwa IMAP na kutafuta barua yenye tarehe ya leo kwenye `INBOX`. Isipoikuta inaangalia `[Gmail]/Spam`. Ikiikuta huko au isipoikuta popote, simu yangu inapata meseji. Hii haithibitishi kwamba seva ya mnunuzi imepokea, hilo bado nalisoma kwenye boksi la marejesho, ambalo sasa linarusha kila kitu kwangu. Lakini logi yangu sasa inaandika "imekabidhiwa", na "imefika" inaandikwa na skripti ya pili tu.

Na nikatoa ule mstari uliokuwa unasema kama hakuna mzigo usitume. Nilikuwa nimeuweka kwa nia njema, kwa nini umsumbue mtu na sifuri? Shida ni kwamba ukimya wa kukosa mzigo na ukimya wa skripti kufa unafanana kabisa kwa mtu aliyekaa Dar. Sasa inaenda kila siku, hata sifuri.

Tarehe 8 Agosti vituo vyote vilifungwa, watu wako viwanja vya Nane Nane wanaangalia ng'ombe na matrekta, na mimi nilikuwa huko na watoto. Kesho yake saa kumi na mbili ripoti iliondoka: Kiwira kilo 0, Katumba kilo 0, Tukuyu kilo 0. Mama mhasibu akajibu barua, mara ya kwanza tangu nimjue kujibu ile barua. Ameandika, "Nimeiona mwanangu, leo sifuri."